Ankara ina bei siyo, au mstari umejirudia: namna ya kudai krediti noti ukiwa Pemba

Nashika vitabu vya maduka kadhaa ya Wete na Chake Chake, na swali linalonirudia kuliko yote ni hili: "Mzigo umefika salama, lakini ankara ina pesa nyingi kuliko tulivyokubaliana. Nifanye nini?" Wengi hupiga simu Unguja, wakaambiwa "tutarekebisha", wakanyamaza. Mwezi ukiisha, muuzaji anatuma orodha ya madeni na lile deni la makosa bado limo, safari hii limeandikwa kuwa limechelewa.

Dawa yake ni krediti noti. Ni hati anayoitoa muuzaji kusema kwamba katika ankara fulani alikuandikia zaidi ya haki yake, na kwa hivyo deni lako limepungua kwa kiasi kadhaa. Bila ya hati hiyo, ahadi ya kwenye simu haimo kwenye vitabu vyake wala vyako. Nitakuonesha njia nzima kwa kutumia ankara moja ya duka la vifaa vya ujenzi la Wete, lililonunua kwa muuzaji wa jumla wa Unguja. Ankara hiyo ilikuwa na makosa yote mawili kwa pamoja, bei siyo na mstari uliojirudia, kwa hivyo inafaa kusomeshea.

Ankara yenyewe

Hivi ndivyo ilivyokuja. Bei zote ni kabla ya VAT:

- Mstari wa 1: rangi nyeupe, ndoo ya lita 20, ndoo 12 kwa Sh 86,000 = Sh 1,032,000
- Mstari wa 2: brashi inchi 4, 24 kwa Sh 4,500 = Sh 108,000
- Mstari wa 3: bawaba inchi 4, maboksi 6 kwa Sh 35,000 = Sh 210,000
- Mstari wa 4: misumari inchi 3, katoni 4 kwa Sh 62,000 = Sh 248,000
- Mstari wa 5: vitasa vya mlango, 10 kwa Sh 22,000 = Sh 220,000
- Mstari wa 6: bawaba za mlango 4" boksi, 6 kwa Sh 35,000 = Sh 210,000

Jumla kabla ya VAT ni Sh 2,028,000. VAT ya asilimia 15 ni Sh 304,200. Jumla ya kulipa Sh 2,332,200.

Mwenye duka aliona tu kwamba "imekuwa kubwa". Hilo halitoshi kumwandikia mtu. Inabidi uonyeshe ni mstari gani na ni shilingi ngapi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Weka mezani karatasi hizi nne. Kama mojawapo iko kwenye simu, ichapishe au ipige picha iliyo wazi na uihifadhi mahali pamoja na zenzake.

Ya kwanza ni ushahidi wa bei: profoma, yaani karatasi ya bei anayokupa muuzaji kabla hujanunua, orodha ya bei waliyokutumia, au ujumbe wa WhatsApp ambamo muuzaji ameandika bei na wewe ukajibu "sawa". Angalia tarehe ya mwisho wa bei hiyo. Profoma nyingi zina maneno kama "bei hii ni halali kwa siku 14", na ukiagiza siku ya 20 hoja yako inakuwa dhaifu hata kama kosa ni lao.

Ya pili ni oda yako, iwe LPO, yaani fomu rasmi ya kuagizia, au ujumbe wa kawaida, inayoonesha uliagiza nini na kiasi gani.

Ya tatu ni hati ya mzigo, ile tunayoiita delivari, iliyotiwa saini siku mzigo ulipopokelewa. Hati hii kwa kawaida haina bei. Kazi yake ni kuthibitisha idadi, na ndiyo itakayokata shauri la mstari uliojirudia.

Ya nne ni ankara yenyewe pamoja na risiti ya kielektroniki iliyofuatana nayo, kama muuzaji amesajiliwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo wengine hadi leo tunaiita ZRB.

Neno moja kuhusu saini. Mzigo ukishuka bandarini Mkoani au ukiletwa dukani na gari, mchukuzi huwa na haraka na anataka utie saini aondoke. Kama hujahesabu, andika karibu na saini yako: "Imepokelewa, bado haijahesabiwa", na tarehe. Kisha hesabu siku hiyo hiyo. Maneno hayo machache yatakusaidia baadaye kuliko barua ya kurasa mbili.

Hatua ya 1: Linganisha mstari kwa mstari, si jumla kwa jumla

Chukua kalamu. Kwa kila mstari wa ankara, uliza mambo mawili tu. Je, bei ya kimoja ni ile ya kwenye profoma? Je, idadi ni ile ya kwenye hati ya mzigo? Ukijibu ndiyo mara mbili, tia alama ya vema, nenda mstari unaofuata. Usiruke hata mstari mmoja kwa sababu pesa zake ni ndogo.

Kwa ankara yetu, mstari wa 1 ulikwama hapo hapo. Profoma ilisema ndoo ya rangi ni Sh 68,000, ankara inasema Sh 86,000. Mistari ya 2 hadi 5 ilipita. Mstari wa 6 ukakwama kwa idadi, kwa sababu hati ya mzigo ina maboksi 6 ya bawaba, na hayo 6 yameshahesabiwa kwenye mstari wa 3.

Kosa la kawaida: kulinganisha na bei uliyonunulia mara ya mwisho. Bei ya mwezi uliopita si makubaliano. Makubaliano ni yale yaliyoandikwa kwa ajili ya oda hii.

Hatua ya 2: Jua kosa limetokeaje kabla hujalisema

Hatua hii wengi huiruka, nami nasema ndiyo inayoamua kama utajibiwa kwa siku mbili au kwa wiki tatu. Mhasibu wa upande wa pili akiona umeshamtafutia chanzo cha kosa, kazi yake inabaki kuhakikisha tu. Ukimwambia "ankara yenu ina matatizo", ataiweka kando ashughulikie zilizo rahisi.

Kwa bei siyo, vyanzo vinavyorudi ni vitatu.

Cha kwanza ni tarakimu mbili kubadilishana nafasi wakati wa kuandika. Kuna njia ya kulinusa kosa hili: tofauti ya namba mbili za namna hiyo daima hugawanyika kwa 9 bila baki. Hapa 86,000 ukitoa 68,000 ni 18,000, na 18,000 ukigawa kwa 9 ni 2,000 kamili. Hilo peke yake si ushahidi, maana namba nyingi hugawanyika kwa 9. Lakini ukiliona pamoja na 68 kugeuka 86, huna haja ya kumshuku mtu kwamba amekupandishia bei kwa makusudi. Ni kidole tu kimeteleza.

Cha pili ni kipimo. Umeagiza kwa dazeni, ankara imeandikwa kwa kimoja kimoja, au kinyume chake. Brashi 24 kwa Sh 4,500 ni sawasawa na dazeni 2 kwa Sh 54,000. Kabla hujalalamika kwamba bei imepanda, zidisha: idadi mara bei. Ikiwa matokeo ni yale yale ya kwenye profoma, hakuna kosa, kuna namna mbili za kuandika kitu kimoja. Nimeona barua kali zikitumwa kwa jambo hili, na mwenye duka akabaki na aibu.

Cha tatu ni punguzo lililoahidiwa halafu likasahaulika. Hapo bei ya kwenye ankara ni ile ya kawaida ya muuzaji, na wewe unahitaji kuonesha maandishi ya punguzo. Kama punguzo lilitolewa kwa mdomo na kijana wa mauzo, mtafute kwanza yeye aandike japo ujumbe mfupi kuthibitisha.

Kwa mstari uliojirudia, angalia maelezo ya bidhaa. Mara nyingi mistari miwili haifanani maneno, na ndiyo maana aliyeandika hakuiona. Katika ankara yetu mstari wa 3 umesema "bawaba inchi 4" na wa 6 "bawaba za mlango 4" boksi". Idadi ni moja, bei ni moja, jina limegeuzwa kidogo. Hutokea pale bidhaa moja imesajiliwa mara mbili kwenye mfumo wa muuzaji kwa majina mawili, mtu mmoja akaingiza kutoka kwenye oda na mwengine akaingiza kutoka kwenye hati ya mzigo. Ikiwa ankara ina safu ya namba ya bidhaa, itazame pia. Namba mbili tofauti hazimaanishi bidhaa mbili.

Hapa pana hadhari kubwa, hasa kwa sisi wa Pemba. Mzigo unaweza kuja kwa mafungu. Boksi 6 zikaja na boti ya leo na 6 nyengine zikabaki ghalani Unguja kusubiri chombo kingine. Ukiwa uliagiza 12, mistari miwili ya 6 ni halali kabisa. Kwa hivyo kabla ya kutamka neno "umejirudia", nenda stoo ukahesabu, uitazame oda, na utafute kama kuna hati ya pili ya mzigo. Kwa duka letu, oda ilikuwa 6, hati ya mzigo ilikuwa moja, na stoo zilikuwamo 6. Mambo yakawa wazi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kiasi unachodai

Usimwachie muuzaji akupigie hesabu. Iandike wewe, yeye aikague.

Kwa bei siyo: tofauti ya bei mara idadi. Sh 18,000 mara ndoo 12 ni Sh 216,000.

Kwa mstari uliojirudia: thamani yote ya mstari wa ziada, Sh 210,000.

Jumla kabla ya VAT ni Sh 426,000. VAT yake, asilimia 15, ni Sh 63,900. Krediti noti unayoidai ni ya Sh 489,900.

Sasa jihakikishe kwa njia ya pili. Andika ankara upya jinsi ilivyotakiwa iwe: rangi 816,000, brashi 108,000, bawaba 210,000, misumari 248,000, vitasa 220,000. Jumla Sh 1,602,000, VAT Sh 240,300, jumla kuu Sh 1,842,300. Ukitoa hiyo kwenye Sh 2,332,200 unabaki na Sh 489,900. Njia mbili, jibu moja. Zisipokubaliana, usitume kitu mpaka uone ulipokosea.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kudai Sh 426,000 na kusahau VAT. Muuzaji akikupa hiyo hiyo uliyoomba, unabaki na deni la Sh 63,900 ambalo ni kodi ya mzigo usiokuwapo. La pili ni kinyume chake: bei za kwenye ankara zilikuwa tayari zina VAT ndani yake, na wewe ukaongeza VAT tena juu ya tofauti. Tazama chini ya ankara. Kama VAT imeongezwa baada ya jumla ya mistari, nawe iongeze. Kama jumla ya mistari ndiyo hiyo hiyo jumla ya kulipa, na pembeni pameandikwa kwamba VAT imo, tofauti yako tayari ina VAT.

Na kiwango tumia kile kile kilichomo kwenye ankara hiyo. Ukinunua kwa muuzaji wa Dar es Salaam, ankara yake kwa kawaida huwa na asilimia 18, na dai lako nalo litafuata 18. Krediti noti huifuata ankara yake, haifuati mahali duka lako lilipo.

Hatua ya 4: Piga simu kwanza, kisha andika

Simu ni ya adabu na ya kumjua mhusika. Ukimpigia kijana wa mauzo, muulize: "Nani anashughulikia krediti noti ofisini kwenu?" Chukua jina na anwani ya barua pepe au namba ya WhatsApp ya mhasibu. Usitosheke na "nitamwambia".

Kisha andika siku hiyo hiyo. Barua iwe fupi, namba zote ziwemo, malalamiko yasiwemo. Hii hapa unaweza kuichukua ukabadilisha namba:

> Yah: Ankara namba 2417, ombi la krediti noti ya Sh 489,900
>
> Assalaam alaykum Bwana Mhasibu,
>
> Tumeipokea ankara yenu namba 2417 na tumeilinganisha na profoma namba 931 na hati ya mzigo namba 5560. Tumeona tofauti mbili:
>
> 1. Mstari wa 1, rangi nyeupe ndoo ya lita 20. Ankara imeandika Sh 86,000 kwa ndoo, profoma ni Sh 68,000. Kwa ndoo 12, zimezidi Sh 216,000. Inaelekea tarakimu zimebadilishana nafasi.
>
> 2. Mstari wa 6, bawaba inchi 4, maboksi 6. Ni marudio ya mstari wa 3. Tuliagiza na kupokea maboksi 6 tu. Zimezidi Sh 210,000.
>
> Jumla iliyozidi ni Sh 426,000, pamoja na VAT ya asilimia 15 Sh 63,900, yote Sh 489,900.
>
> Tunaomba mtutolee krediti noti ya kiasi hicho, ikitaja ankara namba 2417. Kiasi kisicho na tofauti, Sh 1,842,300, tutakilipa katika tarehe yake kama kawaida.
>
> Tumeambatisha nakala za profoma, oda, hati ya mzigo na ankara yenyewe, mistari miwili ikiwa imewekewa alama. Tunaomba jibu lenu kabla ya tarehe 20.
>
> Wassalaam,

Kichwa cha barua kina namba ya ankara na kiasi, kwa sababu mhasibu wa duka la jumla anapokea ujumbe mwingi na huutafuta kwa namba. Maneno "inaelekea tarakimu zimebadilishana nafasi" yanampa mlango wa kukubali bila kuona haya. Na tarehe ya kujibu imetajwa waziwazi, maana "haraka iwezekanavyo" haina tarehe.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma barua kama faili na picha za hati zikiwa wima, zinasomeka. Usitume kwa sauti. Ujumbe wa sauti hauwezi kutiwa kwenye faili la mhasibu, na hakuna atakayeusikiliza tena mwezi ujao.

Hatua ya 5: Lipa kisichobishaniwa, na useme unalipa nini

Hapa watu hugawanyika. Wapo wanaozuia malipo yote mpaka krediti noti itoke. Wapo wanaolipa yote "tusije tukagombana" wakitumaini kurudishiwa. Mimi sikubaliani na hata mmoja wao.

Ukizuia yote, unampa muuzaji sababu ya kukufungia mkopo, na kwa kweli Sh 1,842,300 ni haki yake. Ukilipa yote, umejivua nguvu: dai lako linakuwa ombi la kurudishiwa pesa, ambalo huenda polepole kuliko kurekebisha deni.

Kwa hivyo lipa Sh 1,842,300 tarehe ya malipo ikifika. Katika maelezo ya malipo ya benki andika "ANKARA 2417 SEHEMU", na utume ujumbe kwa mhasibu: "Tumelipa Sh 1,842,300 kwa ankara 2417. Salio la Sh 489,900 linasubiri krediti noti kwa mujibu wa barua yetu." Usilipe namba ya mviringo kama Sh 1,800,000 au Sh 2,000,000. Malipo yasiyo na maelezo mara nyingi huingizwa kwenye ankara ya zamani kuliko zote, na hapo utakuwa umeanzisha mkanganyiko wa pili kabla wa kwanza haujesha.

Hatua ya 6: Ikague krediti noti inapokuja

Usiiweke tu kwenye faili. Soma kama ulivyoisoma ankara. Iwe na namba yake yenyewe na tarehe. Itaje ankara namba 2417. Ioneshe mistari iliyorekebishwa na sababu, si neno "marekebisho" peke yake. Iwe na kiasi kabla ya VAT, VAT, na jumla, kila kimoja mahali pake. Na kama ankara ya awali ilitolewa na risiti ya kielektroniki kupitia mfumo wa VFMS wa ZRA, muulize mhasibu marekebisho ya upande huo yamefanywa vipi, maana mauzo yaliyorikodiwa huko ni yale makubwa. Hilo ni jukumu lake, lakini wewe ukikaguliwa utaulizwa mbona risiti na malipo havilingani.

Jambo moja ukatae kwa upole: ankara ile ile kurudishwa ikiwa imekatwa kwa kalamu na namba mpya kuandikwa juu, au kutumiwa ankara nyengine yenye namba 2417 hiyo hiyo na jumla tofauti. Sasa kuna karatasi mbili zenye namba moja, na hakuna anayejua ya kweli ni ipi. Kuifuta ankara yote na kutoa mpya yenye namba mpya kunakubalika, ili mradi upate hati ya kufutwa kwa ile ya kwanza.

Hatua ya 7: Iingize kwenye vitabu vyako

Ingiza ankara kama ilivyokuja, Sh 2,332,200. Ingiza malipo, Sh 1,842,300. Ingiza krediti noti, Sh 489,900. Salio la ankara hiyo linakuwa sifuri. Usiingize ankara kwa kiasi "cha haki" ukidhani unarahisisha, kwa sababu vitabu vyako havitalingana tena na orodha ya muuzaji, na krediti noti ikija utaingiza punguzo mara mbili.

Kama umesajiliwa kwa VAT na ulishadai kodi ya ununuzi ya Sh 304,200 kutoka ankara hiyo, krediti noti inakupunguzia Sh 63,900. Irekebishe katika ritani ya mwezi uliopokea krediti noti. Kama hujasajiliwa, hesabu ya jumla peke yake inakutosha.

Yanayokwama, na la kufanya

*Anasema, "Tutakupunguzia kwenye ankara ijayo."* Hii ndiyo kauli utakayoisikia zaidi ya zote, na mara nyingi husemwa kwa nia njema. Tabu yake ni kwamba ankara 2417 inabaki na deni, na ile ijayo itakuwa na bei za chini zisizoeleweka. Mjibu: "Ahsante, hatuna neno krediti noti ikitumika kwenye ankara ijayo, lakini tunaomba hati yenyewe itoke sasa." Hapo yeye hatoi pesa na wewe una karatasi.

*Anasema bei imepanda.* Muulize imepanda lini. Ikiwa ni baada ya oda yako kuthibitishwa na profoma ikiwa bado hai, mpelekee tena profoma ikiwa na tarehe na ujumbe wake wa kuikubali oda. Ikiwa profoma ilikwisha muda, usibishane na haki usiyokuwa nayo. Omba mkutane katikati, au urudishe ndoo ambazo hujazifungua. Kurudisha mzigo nako kunatolewa krediti noti, lakini ulizia kwanza nani atalipa nauli ya kuurudisha Unguja. Kwa ndoo nzito za lita 20, nauli inaweza kula faida ya kurudisha.

*Anasema maboksi 12 yalipakiwa.* Omba nakala ya hati ya mzigo yenye saini yako kwa maboksi 12, au karatasi ya kupakia ya mwenye chombo. Akiwa nayo na wewe umepokea 6, basi tatizo si la ankara tena. Mzigo umepotea njiani, na dai linahama kwenda kwa msafirishaji. Ndiyo maana kuhesabu siku ile ile ni muhimu: msafirishaji hatasikiliza upungufu uliotajwa baada ya wiki mbili.

*Krediti noti imekuja na kosa moja tu limerekebishwa.* Ipokee, iingize, na uandike upya kwa salio lililobaki. Iliyosahaulika mara nyingi ni ile ya mstari uliojirudia, kwa sababu kwenye mfumo wake inaonekana ni bidhaa mbili. Mwombe amwite mtu wa stoo aangalie kama bidhaa hizo mbili ziko kwenye rafu mbili.

*Umeshalipa yote.* Bado unaweza kudai. Barua ni ile ile, ila mwisho wake chagua kimoja waziwazi: unataka kurudishiwa pesa, au krediti itumike kwenye ankara unayodaiwa. Kwa anayenunua hapo kila mwezi, kuitumia kwenye ankara ni haraka zaidi. Kwa asiyenunua hapo tena, dai pesa, kwa sababu krediti isiyo na ankara ya kukatia itakaa kwenye vitabu vyao mpaka isahaulike.

*Kimya.* Tarehe uliyoitaja ikipita, tuma barua ile ile tena, juu yake ukiandika "Kumbusho", na sasa nakala iende kwa meneja wake. Usiandike barua mpya yenye maneno mapya, maana utampa nafasi ya kujibu jambo jengine. Mwisho wa mwezi omba taarifa ya hesabu yako. Ikija na Sh 489,900 bado iko kama deni lililochelewa, ijibu siku hiyo hiyo kwa maandishi kwamba kiasi hicho kina mgogoro tangu tarehe ya barua yako ya kwanza, na uiambatishe. Ukiinyamazia taarifa hiyo miezi miwili mitatu, muuzaji atakuwa na hoja kwamba uliikubali.

Na kama unanunua kwake kwa wingi, oda inayofuata ndiyo nafasi yako. Kabla hujaituma, muulize mhasibu krediti noti ya 2417 imefikia wapi.